Awamu si gharama: namna ya kuandika kodi ya mapato ya kampuni vitabuni

Chukua urari wa kampuni ndogo mwezi Februari, mkaguzi wa hesabu akiwa njiani, halafu tafuta mistari yenye neno "kodi". Mara nyingi utakuta mitatu. Wa kwanza unaitwa "Gharama ya kodi" na una kiasi ambacho mhasibu hakumbuki kilivyopatikana. Wa pili ni "TRA", wenye salio la debiti lililobebwa tangu miaka miwili nyuma. Wa tatu ni "Kodi inayodaiwa", na salio lake halilingani na barua yoyote wala risiti yoyote. Kila mstari uliandikwa kwa nia njema. Tatizo ni kwamba mambo matatu tofauti, yaani gharama, deni na malipo, yameandikwa kana kwamba ni jambo moja.

Makala hii inafuata kampuni moja ya mfano hatua kwa hatua, ili kila ingizo lionekane limetoka wapi na linakwenda wapi. Ni kampuni ya ushauri wa uhandisi iliyoko Dodoma, mwaka wake wa hesabu unaanza Januari na kuishia Desemba, na tunaishika katika mwaka 2024. Kiwango cha kodi ya kampuni ni asilimia 30.

Vitu vitatu, akaunti mbili

Gharama ya kodi ya mapato ni hesabu. Inatokana na faida ya mwaka baada ya kurekebishwa kufuata Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, Sura ya 332, na haijulikani kwa uhakika mpaka mwaka uishe. Mahali pake ni taarifa ya mapato na matumizi, chini ya mstari wa faida kabla ya kodi.

Awamu ni fedha. Sheria haingoji mwaka uishe. Inaitaka kampuni ikadirie kodi yake mapema na kuilipa kwa vipande vinne, kila kimoja kabla ya mwisho wa mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa na wa kumi na mbili. Siku unayolipa awamu ya kwanza hujui kama utapata faida. Umeweka fedha serikalini kwa ajili ya kodi ambayo bado haijahesabiwa. Kwa hiyo awamu haina nafasi kwenye gharama siku hiyo.

Kodi inayodaiwa, nayo, ni tofauti tu kati ya hivyo viwili. Ukitoa kilicholipwa katika kilichohesabiwa, kinachobaki ndicho deni. Kilicholipwa kikizidi, basi TRA ndiyo inayodaiwa na kampuni, na salio linageuka kuwa mali. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 12 kinasema hivyo hivyo.

Ukishaelewa hilo, utaona kwamba akaunti zinazohitajika ni mbili, si tatu. Moja ni "Gharama ya Kodi ya Mapato", ya kwenye taarifa ya mapato. Nyingine ni ya kwenye mizania, na hiyo ndiyo inayobeba awamu na deni kwa pamoja: awamu zinaingia debiti, kodi iliyohesabiwa inaingia krediti, na salio linajieleza lenyewe. Ushauri wetu ni kwamba akaunti hii ya mizania ifunguliwe kwa kila mwaka wa mapato: "Kodi ya Mapato 2023", "Kodi ya Mapato 2024" na kuendelea. Baadhi ya wahasibu huona huko ni kujaza orodha ya akaunti bila sababu. Sababu utaiona mwezi Juni, pale fedha za miaka miwili zinapotoka benki siku moja.

Makadirio na awamu ya kwanza

Kampuni yetu inakadiria kwamba mapato yake yatakayotozwa kodi kwa mwaka 2024 ni shilingi 90,000,000. Asilimia 30 yake ni 27,000,000. Kuwasilisha makadirio hayo TRA hakuzai ingizo lolote vitabuni. Hilo linahitaji kusemwa, maana kuna wanaoandika deni la milioni 27 siku ya kuwasilisha makadirio, kisha wanashangaa mizania ya Machi ikionyesha deni kubwa lisilo na gharama upande wa pili.

Kila awamu inahesabiwa kwa fomula hii ya kisheria:

```
(A - B) / C
```

A ni kodi iliyokadiriwa kwa mwaka mzima, kama inavyosimama siku ya awamu. B ni kodi ya mwaka huo iliyokwisha kulipwa kabla ya siku hiyo, kwa awamu au kwa kodi ya zuio iliyokatwa na wateja. C ni idadi ya awamu zilizobaki, ikiwemo ya leo. Kwa awamu ya kwanza B ni sifuri na C ni 4, kwa hiyo kampuni inalipa 6,750,000. Mwaka 2024 tarehe 31 Machi ilikuwa Jumapili ya Pasaka, kwa hiyo mhasibu mwenye akili timamu alilipa Alhamisi ya tarehe 28, kabla ya Ijumaa Kuu:

Debiti: Kodi ya Mapato 2024 — 6,750,000
Krediti: Benki — 6,750,000

Basi. Gharama haijaguswa. Kwenye maelezo ya ingizo andika "awamu ya 1, mwaka wa mapato 2024" pamoja na namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba. Maelezo ya "malipo TRA" peke yake hayamsaidii mtu. Kampuni hiyo hiyo inalipa TRA kodi ya mishahara, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, VAT na kodi ya zuio iliyowakata wengine, na kwenye taarifa ya benki zote zinafanana.

Kodi ya zuio: awamu usiyoilipa mwenyewe

Mwezi Mei mteja analipa ankara ya ushauri ya 30,000,000 kabla ya VAT. VAT ya asilimia 18 ni 5,400,000, kwa hiyo ankara nzima ni 35,400,000. Mteja anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada ya huduma, na anaikata kwenye milioni 30, bila kuigusa VAT. Makato ni 1,500,000. Kwenye benki zinaingia 33,900,000.

Hapa ndipo vitabu vingi vinapoharibika. Mhasibu anaona 33,900,000 benki, anatafuta namna ya kuifunga ankara, na ile 1,500,000 iliyopungua anaitupa kwenye gharama za benki, au anaiita punguzo kwa mteja, au mbaya zaidi anapunguza mauzo yenyewe. Akipunguza mauzo, mauzo ya vitabuni hayatalingana tena na risiti za EFD wala ritani za VAT, na hilo ni moja ya mambo ya kwanza afisa wa kodi anayolinganisha. Akiitupa kwenye gharama, kampuni imepoteza kodi iliyokwisha kuilipa. Mwisho wa mwaka itailipa mara ya pili.

Ingizo sahihi siku fedha zilipoingia ni hili:

Debiti: Benki — 33,900,000
Debiti: Kodi ya Mapato 2024 — 1,500,000
Krediti: Wadaiwa — 35,400,000

Kodi iliyozuiwa imeketi kwenye akaunti ile ile ya awamu, kwa sababu kwa sheria kazi yake ni ile ile: ni kodi ya mapato ya kampuni iliyotangulia kulipwa. Kinachotofautisha ni ushahidi. Awamu ina risiti yako mwenyewe; kodi ya zuio inahitaji cheti kutoka kwa mteja. Kama mteja bado hajatoa cheti, ni busara kuiweka kwanza kwenye akaunti ndogo ya "Kodi ya zuio, vyeti havijapokelewa", kisha kuihamishia Kodi ya Mapato 2024 siku cheti kinapofika. Akaunti hiyo ndogo ni orodha ya watu wa kuwapigia simu. Isipokuwepo, utagundua Juni ya mwaka unaofuata kwamba cheti kimoja hakikuletwa, na mtu wa malipo uliyekuwa unamfahamu kwa mteja amekwisha hama idara.

Sasa awamu ya pili. A bado ni 27,000,000. B ni 6,750,000 ya Machi pamoja na 1,500,000 ya zuio, jumla 8,250,000. C ni 3. Kinachobaki ni 18,750,000, ukigawa kwa tatu unapata 6,250,000. Anayesahau kodi ya zuio hapa angelipa 6,750,000 kama mara ya kwanza. Si kosa la kufungwa jela, lakini ni nusu milioni iliyotoka kwenye mzunguko bila sababu.

Juni, mwezi wa miaka miwili

Ritani ya mwaka inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha, na salio la kodi linalipwa wakati huo huo. Kwa kampuni inayofunga Desemba, hiyo ni mwisho wa Juni, ambapo pia awamu ya pili ya mwaka mpya inaiva.

Kampuni yetu ilifunga hesabu za 2023 ikiwa na deni la kodi la 4,200,000. Hilo ndilo salio la krediti lililokuwa kwenye akaunti ya Kodi ya Mapato 2023 tarehe 1 Januari 2024. Ilipoandaa ritani mwezi Juni ikagundua kuwa gharama moja ya 2,000,000 haikuwa na risiti ya EFD ilhali muuzaji alipaswa kuitoa, kwa hiyo haikubaliki kupunguza mapato. Asilimia 30 ya 2,000,000 ni 600,000. Kodi halisi iliyobaki ya mwaka 2023 ikawa 4,800,000.

Hesabu za 2023 zimekwisha kusainiwa. Haziandikwi upya kwa ajili ya tofauti ya kawaida ya makadirio kama hii. Tofauti inaingia kwenye gharama ya kodi ya mwaka 2024, lakini kwenye mstari wake, ili msomaji asidhani ni kodi ya faida ya mwaka huu:

Debiti: Gharama ya Kodi, marekebisho ya miaka iliyopita — 600,000
Krediti: Kodi ya Mapato 2023 — 600,000

Kisha, Ijumaa ya tarehe 28 Juni, yanatoka benki malipo mawili. La kwanza linafunga mwaka 2023:

Debiti: Kodi ya Mapato 2023 — 4,800,000
Krediti: Benki — 4,800,000

La pili ni awamu ya 2024:

Debiti: Kodi ya Mapato 2024 — 6,250,000
Krediti: Benki — 6,250,000

Akaunti ya 2023 sasa ni sifuri kamili: 4,200,000 na 600,000 upande wa krediti, 4,800,000 upande wa debiti. Ingekuwa akaunti moja ya "TRA" kwa miaka yote, ile 600,000 ingezama ndani yake. Ukipitisha malipo yote mawili bila ingizo la marekebisho, akaunti ya pamoja inabaki na debiti ya 600,000 ya ziada inayoonekana kama awamu ya 2024, na mwisho wa mwaka deni linatoka pungufu kwa kiasi hicho hicho. Kwa akaunti ya kila mwaka, debiti ya 600,000 ingebaki peke yake kwenye 2023, ikionekana wazi kabisa kwamba kuna kitu hakijaandikwa.

Angalia pia kwamba wakati wa kutengeneza namba ya malipo unachagua aina ya kodi na mwaka. Ukichagua vibaya, vitabu vyako vinaweza kuwa sahihi huku upande wa TRA mwaka 2023 ukionyesha deni na mwaka 2024 ukionyesha ziada. Riba inahesabiwa kwenye deni, na ile ziada haijipeleki yenyewe kulifuta.

Kubadilisha makadirio

Kufikia Septemba kazi zimeongezeka. Kampuni inapeleka makadirio mapya: mapato 100,000,000, kodi 30,000,000. Hapa tena hakuna ingizo. Kinachobadilika ni A kwenye fomula. B sasa ni 14,500,000, yaani awamu mbili na zuio moja. C ni 2. Nusu ya 15,500,000 ni 7,750,000. Inalipwa tarehe 30 Septemba kwa ingizo lile lile la debiti Kodi ya Mapato 2024, krediti Benki.

Novemba mteja mwingine analipa ankara ya 20,000,000 kabla ya VAT na kukata 1,000,000. Tarehe 31 Desemba fomula inatoa 30,000,000 kutoa 23,250,000, gawanya kwa moja: 6,750,000. Hivyo kabla ya kufunga mwaka, akaunti ya Kodi ya Mapato 2024 ina debiti ya 27,500,000 ya awamu nne na 2,500,000 ya kodi ya zuio. Jumla ni 30,000,000 kamili.

Kwa nini ujisumbue kubadilisha makadirio badala ya kungoja na kulipa tofauti mwishoni? Kwa sababu sheria inatoza riba pale makadirio yaliyotumika kuhesabu awamu yanapokuwa chini ya asilimia 80 ya kodi sahihi. Kama tutakavyoona, kodi sahihi ya mwaka huu ni 33,600,000, na asilimia 80 yake ni 26,880,000. Makadirio ya kwanza ya 27,000,000 yamevuka mstari huo kwa 120,000 tu. Hiyo ni bahati, na mhasibu mzuri hategemei bahati robo mbili mfululizo.

Kufunga mwaka

Faida kabla ya kodi ni 106,000,000. Sasa inageuzwa kuwa mapato yanayotozwa kodi. Uchakavu wa kihasibu wa 14,000,000 unarudishwa, kwa sababu sheria ya kodi ina viwango vyake. Faini ya 1,000,000 iliyolipwa serikalini inarudishwa pia, maana faini haipunguzi mapato. Kisha inatolewa nafuu ya uchakavu inayoruhusiwa na sheria, 9,000,000. Jibu ni 112,000,000, na asilimia 30 yake ni 33,600,000.

Debiti: Gharama ya Kodi, mwaka huu — 33,600,000
Krediti: Kodi ya Mapato 2024 — 33,600,000

Hili ndilo ingizo pekee la mwaka mzima linalounda gharama ya kodi ya 2024, na linaandikwa kwa kiasi kizima. Usiandike 3,600,000 ya tofauti. Kodi ya mwaka ni 33,600,000 hata kama sehemu kubwa imelipwa. Malipo yamekwisha kukaa upande wa debiti wa akaunti ile na yatajitoa yenyewe. Krediti ya 33,600,000 ikikutana na debiti ya 30,000,000, salio ni krediti ya 3,600,000, na hilo ndilo linalokwenda kwenye mizania kama kodi inayodaiwa, chini ya madeni ya muda mfupi.

Kuna hali moja tu ambapo ingizo la mwisho linakuwa dogo: pale kampuni inapoandaa hesabu za kila mwezi na imekuwa ikiweka gharama ya kodi kidogo kidogo, kwa mfano 2,250,000 kila mwezi kutokana na makadirio ya 27,000,000, halafu ikafidia yalipopanda. Hapo debiti ya gharama na krediti ya Kodi ya Mapato 2024 zimeingia miezi yote, labda zimefika 30,000,000, na Desemba unaongeza 3,600,000 zilizobaki. Kabla ya kuandika lolote la mwisho wa mwaka, fungua leja ya gharama ya kodi uone kama ni tupu.

Tofauti ya uchakavu nayo ina ingizo lake. Mwaka huu vitabu vimechukua 14,000,000 na sheria imekubali 9,000,000 tu. Zile 5,000,000 hazijapotea, zitakubaliwa miaka ijayo. Asilimia 30 yake, 1,500,000, ni kodi iliyoahirishwa:

Debiti: Kodi Iliyoahirishwa (mizania) — 1,500,000
Krediti: Gharama ya Kodi, iliyoahirishwa — 1,500,000

Akaunti hii isichanganywe na ile ya TRA hata siku moja. TRA haidai wala haidaiwi kodi iliyoahirishwa. Ni hesabu ya ndani ya vitabu. Ikiwa kampuni ilikuwa na deni la kodi iliyoahirishwa toka nyuma, ingizo hili linalipunguza. Kama haikuwa nalo, inakuwa mali, kwa sharti kwamba kuna matumaini ya kweli ya faida miaka ijayo.

Gharama nzima ya kodi kwenye taarifa ya mapato sasa ni 33,600,000, jumlisha 600,000 ya mwaka 2023, toa 1,500,000: jumla 32,700,000. Faida baada ya kodi ni 73,300,000.

Namba hii ina jaribio lake. Asilimia 30 ya 106,000,000 ni 31,800,000. Ongeza asilimia 30 ya faini isiyokubalika milele, 300,000. Ongeza 600,000 ya mwaka uliopita. Unapata 32,700,000 ile ile. Ikiwa njia hizi mbili hazikutani, kuna ingizo limekosewa au kuna rekebisho limesahaulika, na tofauti yenyewe mara nyingi inakutajia jina lake. Tofauti ya 1,500,000, kwa mfano, inakuambia umesahau kodi iliyoahirishwa.

Pale awamu zilipoingia kwenye gharama

Tuseme mhasibu aliyetangulia alidebiti awamu zote nne kwenye gharama ya kodi. Desemba gharama inasoma 27,500,000 na kwa macho ya haraka inaonekana sawa, kwani kodi kweli inakaribia hapo. Anakuja wa pili, anahesabu 33,600,000, anadebiti gharama na kukrediti kodi inayodaiwa. Gharama inafika 61,100,000 na mizania inadai kampuni ina deni la milioni thelathini na kitu ambalo kwa kweli sehemu yake kubwa imekwisha kulipwa.

Dalili yake ni rahisi. Gawanya gharama ya kodi kwa faida kabla ya kodi. Kwenye mfano wetu sahihi unapata karibu asilimia 31; kwenye kosa hili unapata karibu 58. Kampuni yenye faida ya kawaida na isiyo na marekebisho makubwa haiwezi kufika huko. Dawa ni ingizo moja la kuhamisha:

Debiti: Kodi ya Mapato 2024 — 27,500,000
Krediti: Gharama ya Kodi, mwaka huu — 27,500,000

Lakini kabla ya kulipitisha, pitia kila mstari wa hizo 27,500,000. Ukikuta humo pia imo 4,800,000 ya mwaka 2023, hiyo iende akaunti ya 2023. Ukikuta faini ya kuchelewesha ritani, au riba, hizo ziende kwenye akaunti yake ya faini na riba; si malipo ya awamu na hazipunguzi deni la kodi ya mwaka. Na ukikuta kodi ya mishahara, rudi kwenye taarifa ya benki uanze upya na kikombe cha chai.

Kosa la upande wa pili nalo lipo: awamu zimekaa vizuri kwenye mizania, lakini hakuna aliyeandika gharama ya mwaka. Hapo mizania inaonyesha "kodi iliyolipwa mapema" 30,000,000 kama mali, na faida inaonekana nono. Benki ikikopesha kwa kutegemea hesabu hizo, imekopesha kwa faida iliyozidi kwa zaidi ya asilimia 40.

Ikiwa kodi imezidi

Kodi ya mwaka ingekuwa 28,000,000, akaunti ya Kodi ya Mapato 2024 ingebaki na debiti ya 2,000,000. Hiyo ni mali, inakwenda kwenye mali za muda mfupi. Kishawishi ni kuihamishia Kodi ya Mapato 2025 tarehe 1 Januari na kupunguza awamu ya Machi. Usifanye hivyo kwa uamuzi wa kalamu yako. Ziada inakuwa imethibitika pale ritani inapowasilishwa, na kuitumia kwa mwaka mwingine kunataka TRA ikubali. Ikikubali kwa maandishi, ndipo unadebiti Kodi ya Mapato 2025 na kukrediti 2024 kwa 2,000,000. Ukitangulia, awamu ya kwanza itaonekana pungufu kwao huku kwako ikionekana kamili.

Kulinganisha na TRA

Tukirudi kwenye mfano, kufikia mwisho wa Juni 2025 kampuni inawasilisha ritani ya 2024 na kulipa: debiti Kodi ya Mapato 2024, krediti Benki, 3,600,000. Siku hiyo hiyo, au angalau wiki hiyo, chapisha taarifa ya mlipakodi kutoka kwenye mfumo wa TRA na uiweke kando ya leja. Mistari inayopaswa kulingana kwa mwaka 2024 ni awamu nne, kodi ya zuio mbili, kodi ya mwaka na malipo ya mwisho. Mstari ulio kwenye leja na haupo kwao mara nyingi ni kodi ya zuio ambayo mteja aliikata na hakuipeleka, au malipo yaliyokwenda kwenye mwaka mwingine. Mstari uliopo kwao na haupo kwenye leja mara nyingi ni riba au faini ambayo hakuna aliyekuambia, na hiyo inaandikwa leo, kwa debiti ya faini na riba, si kwa kuirekebisha kodi ya mwaka ili namba zikutane.